Mwongozo wa Kumvisha Mtoto wa Kilo 1.6 Bila Kumpoteza Ndani ya Nguo

Hongera. Shemeji yako amejifungua wiki ya 32 badala ya kungoja ya 40. Mtoto ana kilo 1.6, mama na mwana wako wodini wanaendelea vizuri, na wewe, kwa kuwa ulipokea simu haraka kuliko ndugu wengine, umetumwa nguo. Vipimo hukupewa. Umeambiwa tu, "Chukua za kichanga." Maelekezo yafuatayo yameandaliwa kwa ajili yako. Yafuate kwa mpangilio. Utakosea kama walivyokosea waliotangulia, ila angalau utakosea ukijua ulipokosea.

Kwanza, jiandae kwa swali. Ukifika dukani Kariakoo, dada muuzaji atakuuliza, "Wa miezi mingapi, kaka?" Kilo hazimhusu. Wodini utakuta mambo ni kinyume kabisa: sista anataka gramu na wiki za mimba, miezi haimsumbui. Sehemu hizi mbili hazijawahi kukaa kikao kimoja, na mjumbe kati yao ni wewe. Jibu la kweli ni kwamba mtoto ana siku tatu za kuzaliwa na bado anadaiwa wiki nane za tumboni. Jibu hilo usilitoe. Foleni ni ndefu nyuma yako, na dada hana rafu ya watoto wanaodaiwa. Sema "mchanga," upewe nguo iliyoandikwa 0-3, nzuri, ya manjano, yenye bata kifuani. Ishike, uikunjue, uishangae. Usilipe bado. Utalipa, lakini usilipe bado.

Pili, mfahamu mtoto anayetajwa kwenye lebo. Lebo huandikwa miezi kwa sababu ya maana: anayenunua nguo ya kichanga mara nyingi si yule atakayemvalisha. Shangazi aliyeko Morogoro anajua tarehe aliyozaliwa mtoto, lakini uzito wake hajaambiwa na kuuliza si adabu. Basi kiwanda kikachagua kitu ambacho shangazi anakijua. Tatizo ni kwamba miezi haivai nguo. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mvulana wa katikati huzaliwa na kilo 3.3, na akitimiza miezi mitatu ana kilo 6.4. Msichana hutoka 3.2 akafika 5.8. Yaani ndani ya hicho kijilebo kimoja, mtoto anakaribia kuwa watoto wawili. Hakuna fundi anayeweza kukata kitambaa kimtoshe yule wa mwanzo na yule wa mwisho, kwa hiyo humkatia wa mwisho. Sifuri imewekwa hapo kwa heshima tu. Nguo yenyewe ni ya tatu. Kwa kawaida imekatwa kwa mtoto mwenye urefu wa sentimita 62 hivi na uzito wa karibu kilo 6. Hata mtoto aliyetimiza wiki zake zote atapwaya humo. Huyu wako hafiki theluthi ya uzito huo. Mweleze muuzaji hesabu hii yote kwa utulivu, naye atakujibu kwa neno lililomaliza mijadala mingi sokoni: "Atazikulia."

Tatu, geuka nyuma, usome pakiti za pampasi. Ziko rafu ya pili, duka lilelile, muuzaji yuleyule. Hazikuandikwa miezi. Zimeandikwa kilo, tena kwa tarakimu kubwa: namba moja kwa kawaida ni ya kilo 2 hadi 5, inayofuata inaanzia hapo karibu, na kuendelea. Jiulize kwa nini kitu cha kuvaa kiunoni kifuate mizani, na cha kuvaa juu yake kifuate kalenda. Jibu ni kwamba pampasi isiyotosha hutoa taarifa ndani ya saa moja, na taarifa yenyewe huishia kwenye kanga ya mama. Nguo isiyotosha hukaa kimya. Hakuna anayerudi dukani kulalamika kwamba mtoto alipotea ndani ya mkono wa ovaroli. Kwa mtoto wa kilo 1.6, hata namba moja bado ni kubwa. Zipo pampasi za njiti, ila madukani ni adimu, kwa hiyo wodini utawaona kina mama wakitumia nepi za kitambaa zilizokatwa ndogo, au wakikunja ukingo wa juu wa namba moja ushuke chini ya kitovu. Kunja kama wao: kitovu ambacho hakijadondoka kinatakiwa kubaki wazi na kikavu. Ukimaliza kuelewa rafu hii, usimwonyeshe dada tofauti ya lebo zake. Atadhani unataka kupunguziwa bei.

Nne, kama mfuko wako ni wa mitumba, jifunze lugha tatu za lebo. Pale Karume, au Gikomba kwa walioko Nairobi, robota likifunguliwa utakuta nguo za njiti zimechanganyika na za wanasesere, na wauzaji wengine hawaoni haja ya kuzitenganisha. Nguo kutoka Ulaya bara huandikwa namba kama 44, 50, 56 na 62. Hiyo si miezi wala si urefu wa nguo. Ni urefu wa mtoto mwenyewe kwa sentimita. Kwa makadirio, 44 inamfaa mtoto mpaka kilo 2.3 hivi, 50 mpaka kilo 3.4, 56 mpaka 4.5, na 62 ni ileile ya bata kifuani. Za Marekani huwa na herufi: P ni ya njiti, NB ni ya mchanga. Za Uingereza nyingi hutaja ratili, kwa herufi lb. Kupata kilo, igawe ratili kwa mbili, kisha toa sehemu moja ya kumi ya jibu. Ratili 5 ukigawa unapata 2.5, ukitoa sehemu ya kumi unabaki na kilo 2.25. Ratili 8 ni kilo 3.6. Hesabu hiyo unaweza kuifanya umesimama, huku mtu mwingine akivuta mkono wa pili wa nguo uliyoshika. Tahadhari moja: ukikuta lebo imekatwa, muuzaji atakutajia miezi kwa kuitazama nguo, na miezi hiyo itategemea umemwambia unatafuta ya miezi mingapi.

Tano, achana na lebo zote, tumia uzi. Hapa ndipo mafundi wa kushona wanapowashinda wenye maduka. Mwombe sista urefu wa mtoto uliopimwa. Kwa wiki 32 utakuwa karibu sentimita 42. Kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wake, kwa hiyo kutoka begani hadi kisigino zinabaki sentimita 31 au 32. Kata uzi wa urefu huo, ongeza vidole viwili kwa ajili ya kukunjua magoti, funga fundo, weka mfukoni. Sokoni, tandaza ovaroli yoyote juu ya meza, weka ncha moja ya uzi kwenye mshono wa bega na uone fundo linaishia wapi. Likiishia kwenye kisigino cha nguo, nunua. Kwa ile ya sentimita 62, kitambaa kitakachobaki chini ya mguu wa mtoto ni karibu sentimita 15, nguo tupu isiyo na mtu. Kisha tazama shingo. Kama ngumi yako inapita bila kuvuta chochote, bega la mtoto nalo litapita, na ukosi utapanda mpaka puani. Nguo ya pamba pima tena baada ya kuifua, maana hurudi, na kabla ya kuvalishwa ipigwe pasi hata kama haina mikunjo: kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi. Watu watakuuliza uzi ni wa nini. Ukiwaambia ni mtoto, watakupa pole kana kwamba umetoka kwa mganga.

Sita, peleka nguo wodini, urudi nazo. Hili linawauma wengi, lakini ni la kawaida. Mtoto aliye kwenye kiangulio mara nyingi huvaa nepi tu, ili wauguzi wamwone kifua kinavyopanda na kushuka, na ili joto la mashine limfikie. Akitoka humo huhamia kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi kuliko viangulio. Vazi lake rasmi ni vitu vitatu: kofia, soksi na nepi. Juu ya hapo ni kifua cha mama na kanga inayowafunga pamoja, kwa saa nyingi iwezekanavyo. Shirika la Afya Duniani linataja kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Ukimvalisha mtoto suti nene katikati, umemwekea ukuta kati yake na joto. Kwa hiyo wodi haikuhitaji wewe ulete ovaroli sita. Ilihitaji kofia tatu ndogo na soksi pea tatu. Kofia pia ina kipimo chake: kichwa cha wiki 32 kina mzunguko wa sentimita 29 au 30, wakati cha mtoto aliyetimiza ni 34 au 35. Kofia ya aliyetimiza itashuka, ifunike macho, ifike puani. Na kama kuna siku mtoto atahitaji nguo wodini, itafunguka mbele kutoka shingoni hadi chini, kwa sababu ana mrija wa kulishia unaopita puani na sindano mkononi, na hakuna sista atakayevivua ili wewe uingize fulana kichwani. Nguo nzuri kuliko zote ulizonunua ni ya kuvutwa kichwani. Huwa hivyo.

Saba, usimwambie bibi kwamba nguo ni kubwa. Bibi anajua. Amekunja mikono mara tatu, amefunga mkanda wa kanga kiunoni, na ametamka, "Mashallah, imemkaa." Familia ina sheria ambayo hukuandikiwa: udogo wa mtoto hautajwi, na nguo kubwa ni dua. Heshimu dua, lakini iangalie usiku. Nguo inayopwaya hufanya mambo matatu. Hupanda, ikafunika mdomo na pua za mtoto ambaye hana nguvu ya kuigeuza shingo yake. Huacha nafasi ya hewa baridi kati ya kitambaa na ngozi, na njiti hana mafuta ya kutosha ya kupasha nafasi hiyo. Na mikono yake mirefu huficha vidole, hivyo huoni vinapobadilika rangi. Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, likishuka chini ya hapo, mtoto anatumia maziwa yake kujipasha badala ya kukua. Kupima haraka bila kipimajoto, gusa tumbo, kisha gusa miguu. Miguu ikiwa baridi na tumbo lina joto, anaanza kupoa: mrudishe kifuani. Tumbo nalo likiwa baridi, au akilegea na kukataa kunyonya, usianze kutafuta blanketi jingine. Arudi kwa wauguzi upesi, akiwa kifuani njia nzima. Glavu nazo zigeuze ndani nje ukate nyuzi zilizolegea, kwa kuwa uzi mmoja ukizunguka kidole huzuia damu bila kelele. Bibi atakuona unakata na atauliza kama hizo glavu huzipendi.

Nane, fanya hesabu nzima, maana hakuna mwingine atakayeifanya. Mchukue huyuhuyu wa kilo 1.6. Siku za mwanzo hatapanda, atashuka. Siku ya 5 anaweza kuwa na kilo 1.45, na hilo ni jambo linalotarajiwa, ingawa ukimtajia mtu katika kikundi cha familia utapigiwa simu na watu saba. Karibu siku ya 14 amerudi alipoanzia. Kuanzia hapo, akinyonya vizuri, huongeza kama gramu 15 kwa kila kilo aliyonayo kwa siku, na siku ya 28 anakaribia kilo 2. Tuseme hospitali inamruhusu hapo. Baadaye anaongeza gramu 30 hivi kwa siku. Siku ya 38 amefika kilo 2.3 na ameimaliza saizi ya njiti. Sasa angalia vizuri: siku 28 kati ya hizo 38 alikuwa wodini na kofia na nepi. Ile 44 uliyoihangaikia soko zima, ukaipata kwa bei ya suruali ya mtu mzima, ataivaa nyumbani siku 10.

Endelea. Kutoka kilo 2.3 hadi 3.4, kwa gramu 30 kwa siku, ni zaidi ya wiki tano. Hizo wiki tano zote ni za saizi 50, ile NB ya Wamarekani, ambayo hakuna aliyeinunua, kwa kuwa waliokuwa na huruma walinunua za njiti na waliokuwa na matumaini walinunua za miezi mitatu. Siku ya 56 anatimiza zile wiki 40 alizokuwa anadaiwa. Umri wake kwa kadi ni karibu miezi miwili. Kwa umri uliorekebishwa, yaani ukiondoa wiki alizowahi, ni sifuri, na mizani inasema kilo 2.85. Akifikisha miezi mitatu ya kuzaliwa ana kilo 3.9 na anavaa 56. Ile ya bata kifuani itaanza kumkaa akikaribia miezi minne, na atakuwa nayo mpaka miezi mitano na nusu. Kwa hiyo orodha sahihi ya mtoto wa kilo 1.6 ni hii: kofia na soksi ndogo tatu tatu, ovaroli za 44 mbili au tatu za kufunguka mbele, za 50 tano au sita, na za 56 usinunue mpaka mizani iseme kilo 3. Namba hizi ni za mtoto huyu na mwendo huu. Wako akiongeza pole pole zaidi, orodha haibadiliki, siku tu ndizo zinasogea. Ndiyo maana inaongozwa na gramu. Ibandike ukutani. Itafunikwa na kalenda.

Tisa, pokea wageni wa arobaini. Siku ya 40 mtoto ana kilo 2.35 na mama ametoka kitandani, na watakuja. Kila mfuko utakaoletwa utakuwa na nguo ya miezi 3 hadi 6, na baadhi ya miezi 9. Usiwalaumu. Mgeni hawezi kuja na kinguo cha sentimita 44: kinatoshea kiganjani, kinaonekana kama uchoyo, na kukinunua ni kama kumwambia mama kwamba mwanao ni mdogo. Bei nayo haina tofauti kubwa, kwa sababu vifungo na mishono ni ileile, hivyo kwa pesa hiyohiyo mtu anaona bora apate kitambaa kingi. Kadiri mgeni alivyo na mapenzi, ndivyo saizi inavyopanda. Mama mkwe atavunja rekodi. Pokea, shukuru, kisha usiku chukua plasta na kalamu, uandike kilo juu ya kila nguo: hii kuanzia 4.5, hii kuanzia 6, hii kuanzia 8. Zipange kabatini kwa uzito, nyepesi juu. Kila siku ya kliniki, mizani ikisoma, ndipo unapofungua rafu inayofuata. Atakayekuja kusaidia kazi za nyumbani atazipanga upya kwa rangi.

Kumi, jifunze dalili za upande wa pili, maana hofu ya nguo kubwa ikiisha utang'ang'ania ndogo. Mtoto huyu anapanda gramu 200 kwa wiki, na ovaroli yenye miguu haionyeshi kwamba imekwisha mpaka uangalie vidole. Vikiwa vimejikunja ndani ya soksi ya nguo, imekwisha. Ukiona alama nyekundu shingoni, mapajani au mahali pa kifungo, na alama hiyo haijafutika dakika chache baada ya kumvua, imekwisha. Kama unalazimika kumkunja goti ili vifungo vya chini vifike, imekwisha tangu wiki iliyopita. Unaweza kuikata miguu ukamvalisha soksi, na utaipata wiki moja zaidi. Mama atakataa kuiondoa kabatini, kwa sababu ndiyo aliyovaa mtoto alipotoka hospitali. Hapo usibishane, kilo hazina hoja mbele ya nguo hiyo.

Mwisho, gawa. Nguo ya njiti iliyovaliwa siku 10 bado ni mpya, na wodini kila siku kuna mama aliyejifungua kabla ya wakati na hakuleta chochote, kwa kuwa kwetu wengi hawamnunulii mtoto nguo kabla hajaonekana. Zifue, zipige pasi, ziandike kilo badala ya miezi, umkabidhi sista. Hiyo ndiyo njia pekee ambayo saizi 44 huweza kuhudumia watoto watano badala ya mmoja. Sista atakushukuru, atazitazama, na atakuuliza kama huna kofia.

Ukifika hapa umehitimu. Unajua ratili, sentimita, uzi wenye fundo na gramu 30 kwa siku. Mwezi ujao jirani yako atajifungua mapema, mtoto wa kilo 1.8, na utaingia dukani ukiwa na elimu yote hii. Dada atakuuliza, "Wa miezi mingapi, kaka?" Utaishika ile 44 mkononi, utaona ilivyo ndogo, utawaza ndugu wa mama watasemaje wakikuona nayo, na utachukua ya miezi 6. Hakikisha tu inafunguka mbele.